Ukurasa Mmoja wa Kuombea Fedha za Dokumentari Kabla ya Skripti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa waongozaji wanaoniletea kurasa zao niwasomee kabla hawajazituma kwa mfadhili. Wengi wana wazo zuri na kamera ya kuazima, skripti hawana, na mwito unafungwa wiki ijayo. Mfano unaopita humu mote ni wa mkulima wa mwani wa Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja. Mhusika nimemtunga kwa ajili ya maelezo haya. Bahari, kilimo na majira ni ya kweli.

Tritimenti ya ukurasa mmoja ni kitu gani hasa?

Ni maelezo ya filamu kama itakavyoonekana na kusikika, yaliyoandikwa kwa wakati uliopo na yanayotosha upande mmoja wa karatasi ya A4. Msomaji akifika chini awe ameshamwona mtu fulani, mahali fulani, akitaka jambo fulani, na ajue ni kitu gani kinamzuia.

Si skripti. Kwenye dokumentari, skripti ya kweli mara nyingi huzaliwa kwenye chumba cha uhariri, baada ya picha kupatikana. Kwa hiyo usione haya kwamba huna. Mfadhili wa hatua za mwanzo anajua huna, na hakuombi. Si pendekezo zima pia, maana pendekezo lina bajeti, ratiba, wasifu wa timu na mpango wa usambazaji.

Fomu za mtandaoni zinatofautiana majina. Utakuta visanduku vimeandikwa `Logline`, `Synopsis`, `Treatment`, na kila kimoja kina kikomo chake cha maneno au herufi. Iwe unaomba DocuBox ya Nairobi au IDFA Bertha Fund ya Amsterdam, ukurasa ulioiva ndio shina: visanduku vingine unavijaza kwa kukata matawi yake.

Mada yangu ni nzito na kila mtu anaijua. Kwa nini naambiwa "hadithi haionekani"?

Kwa sababu umeandika mada. Tazama aya hii, ya aina ninayoipokea karibu kila mwezi:

> Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989 na kimekuwa mkombozi wa wanawake wa pwani. Hata hivyo, zao hili linakabiliwa na changamoto mbalimbali zikiwemo mabadiliko ya tabianchi. Filamu hii itaangazia changamoto hizo na kuonyesha jinsi wadau wanavyoshirikiana kuzitatua.

Hakuna kosa la ukweli hapo, ila kamera haina pa kuelekea. "Changamoto" hazina sura. "Wadau" hawana mikono. Na "kuangazia" ni kazi ya taa. Lugha hii tumeizoea kwenye ripoti za miradi na hotuba za ufunguzi, ikatuingia mpaka tunadhani ndiyo lugha rasmi ya kuombea fedha. Mfadhili wa filamu akiiona anahisi atapewa ripoti yenye muziki.

Jaribio ninalolitumia ni jepesi. Chukua kalamu, pigia mstari kila kitenzi kwenye ukurasa wako, kisha ujiulize mpiga picha angeelekeza lenzi wapi. "Linakabiliwa": wapi? "Wanavyoshirikiana": nani na nani, wakifanya nini? "Anainua kamba, matawi yanakatika": hapo anajua pa kusimama. Theluthi mbili ya vitenzi vyako visipopata jibu, bado una mada tu.

Kutoka mada kwenda hadithi kuna swali moja la kuvukia: ndani ya jambo hili kubwa, ni mtu gani anayelazimika kuamua kitu, na ataamua lini? Kwenye mwani jibu liko baharini kwenyewe. Mwani mnene, ule wenye bei nzuri kuliko mwembamba, umeacha kustawi kwenye maji ya karibu kwa sababu maji hayo yanapata joto kupita kiasi. Kwenye maji ya kina bado unaota. Wanawake wanaoulima wamezoea kufanya kazi maji yakiwa yamekupwa, wakisimama, na wengi wao hawajui kuogelea. Mwanamke huyo abaki kwenye vigingi vyake anavyofungia kamba za mwani, au aingie mahali ambapo miguu haifiki chini? Hapo filamu imeanza.

Nitaandikaje filamu ambayo bado haijatokea? Si nitakuwa nabuni?

Hapa ndipo kurasa nyingi huvunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kabla ya kuandika, gawa ulichonacho mafungu matatu. La kwanza ni yale uliyoyashuhudia mwenyewe: umemwona akifunga kamba, umemsikia akibishana na dada yake, umekaa nyumbani kwao usiku. La pili ni yale yatakayotokea upende usipende: bamvua mbili kila mwezi, zile siku ambazo bahari hujaa sana na kukupwa sana, kusi na kaskazi, siku ya kupima mwani kwa mnunuzi, mtihani wa mtoto, mkutano wa kikundi wa mwisho wa msimu. La tatu ni yale usiyoyajua: atamudu kuogelea? Mume atakubali? Nyavu zitastahimili upepo?

Fungu la kwanza liandike kama tukio, kwa wakati uliopo na kwa uhakika wote. La pili liandike kama uti wa mgongo wa filamu, kwa kuwa ndilo linaloipa mwanzo, katikati na mwisho hata kama mhusika atakwenda kinyume na ulivyodhani. La tatu liandike kama swali. Usilijibu.

Kosa ni kuchukua jambo la fungu la tatu ukalivisha nguo za la kwanza. Nilifanya hivyo kwenye ombi langu la mapema. Niliandika kwamba mhusika wangu "anarudi kijijini, anapokelewa na baba yake, na wanasameheana". Ilikuwa sentensi tamu kuisoma. Kwenye kikao mama mmoja wa jopo akaniuliza kwa upole: "Baba mwenyewe umeshaongea naye?" Sikuwa nimeongea naye. Nilimjua kwa maneno ya mwanawe tu. Nikasema tutampata, na nikaona kalamu zikiwekwa mezani. Walishatambua kwamba sijui tofauti kati ya ninachokijua na ninachokitamani, na mtu wa namna hiyo akipewa fedha huenda akamsukuma mzee wa watu asamehe mbele ya kamera.

Ningeandika hivi, ningekuwa salama: "Baba yake anaishi maili mbili kutoka kituo cha basi. Hawajaonana miaka 11. Mwezi wa 12 atakwenda kwa ajili ya arusi ya mdogo wake, na nyumba ya arusi ni ya baba." Arusi ni fungu la pili, ipo tu. Kitakachotokea mlangoni hakijulikani, na kwa hiyo msomaji anataka kuja nasi.

Tuonyeshe ukurasa mzima.

Huu hapa. Kwenye ukurasa wako jina halisi la mhusika litatajwa, kama ameridhia.

> MAJI SHINGONI (jina la kazi)
> Dokumentari, dakika 70. Kiswahili. Hatua: utafiti.
>
> *Mkulima wa mwani wa Jambiani, aliyeishi kando ya bahari miaka yote bila kujua kuogelea, ana msimu mmoja wa kujifunza ahamishie shamba lake kwenye maji ya kina, la sivyo aiache kazi iliyosomesha watoto wake wanne.*
>
> Asubuhi, maji yamekupwa. Mwanamke wa miaka 47 anatembea karibu nusu saa juu ya mchanga mbichi, bunda la kamba kichwani. Anafika kwenye vigingi vyake. Anainua kamba ya kwanza: matawi ya mwani yamekuwa meupe, akiyagusa yanakatika. Anainua ya pili. Anainua ya tatu. Hasemi neno. Mbele yake, upande wa mwamba yanakovunjika mawimbi, yanaelea maboya ya wenzake waliokwisha kuhama.
>
> Hapa amelima tangu ana miaka 20. Mwani mnene ulikuwa ukistawi maji yakiwa magotini. Sasa maji yanapata joto na mwani unaoza. Kwenye maji ya kina bado unaota, ndani ya nyavu zilizoshonwa kama mirija. Huko miguu haifiki chini.
>
> Kila Jumamosi jioni yeye na wanawake sita wanaingia baharini na mwalimu kijana, rika la mwanawe. Wanashikana mikono. Anaambiwa alaze kichwa juu ya maji, shingo inakataa. Mumewe, mvuvi, amekaa chini ya mvinje akishona wavu, ameipa bahari mgongo. Hajakataza. Hajaruhusu.
>
> Tunamfuata bamvua 12, tangu kusi inapotulia hadi mlango wa masika. Kila bamvua lina kazi yake: kufunga mbegu, kukagua, kuvuna, kupima kwa mnunuzi. Kati ya bamvua na bamvua kuna masomo ya kuogelea, na kuna nyumba. Binti yake wa mwisho anasubiri matokeo ya kidato cha nne. Akifaulu, ada itatoka kwenye mwani ambao haujaoteshwa.
>
> Hatujui kama atavuka. Huenda akarudi kwenye vigingi vyake. Huenda upepo ukachukua nyavu. Masika yakikaribia, kikundi kitakutana, kitagawana fedha, na kila mmoja atasema kama anaendelea. Filamu inaishia kwenye mkutano huo.
>
> Baharini kamera iko kwenye kimo cha kidevu chake: anachokiona yeye ndicho tunachokiona. Nchi kavu inatulia na kungoja. Hakuna msimulizi, hakuna mtaalamu. Tunasikia maji, pumzi, na wanawake wakihesabu kamba.
>
> Nimezaliwa Makunduchi. Mama yangu alilima mwani hadi mgongo ulipomkataa. Nimekwenda Jambiani mara 4 na nimerekodi saa 9. Mhusika na mumewe wameridhia kwa maandishi, mwalimu kwa mdomo. Tunaomba fedha za bamvua 2 za mwanzo: siku 10 za kupiga picha, na tiza ya dakika 5.

Kwa nini ukurasa huo unaanza na kamba tatu, si na historia ya mwani?

Msomaji wa jopo ana rundo la maombi mezani. Aya ya kwanza inamwambia kama utamwonyesha kitu au utamweleza kitu. Kamba ya kwanza inatoa habari. Kamba ya pili na ya tatu zinatoa mtu: anaendelea kuinua ingawa jibu ameshalipata. Mwaka 1989 haumo popote kwenye ukurasa, na haukosekani. Historia imejificha kwenye "tangu ana miaka 20".

Ona pia maboya. Yako ndani ya picha ile ile ya kwanza, ili msomaji aone kwa jicho moja shamba linalokufa na mahali pa kwendea. Kama ningeyaacha hadi aya ya tano, aya nne za kwanza zingekuwa za huzuni tupu, nasi tunaomba fedha za kumfuata mtu anayekwenda mahali.

Mume nimemwandika kwa mgongo wake tu. Mwandishi mwenye haraka angeandika "mumewe anampinga kutokana na mfumo dume". Kwanza, hilo hatulijui bado. Pili, mzee wa watu tumeshamhukumu kabla ya kumsikiliza, na siku akiomba kusoma ukurasa huu tutashindwa kumtazama usoni. Mgongo tumeuona kweli. Maana yake filamu itaitafuta.

Sentensi ile ya juu ya ukurasa, yaani logline, naitengenezaje?

Iandike mwisho, ingawa inakaa juu. Inabeba vitu vinne: mtu, anachotaka, kinachomzuia na atakachopoteza. Hapo mtu ni mkulima wa mwani, anachotaka ni kuhamisha shamba, kinachomzuia ni kutojua kuogelea, na cha kupoteza ni kazi iliyosomesha watoto. Msimu mmoja ndio saa inayogonga. Ikivuka maneno 40 ichane. Na usiiache iishe kwa "katika jamii inayobadilika" au maneno ya ukoo huo, maana yanafaa filamu yoyote duniani.

Ukurasa mmoja ni maneno mangapi kwa Kiswahili?

Kwa herufi za ukubwa wa 11 na pambizo za kawaida, lenga maneno 350 hadi 450. Kiswahili kinabana: "hatujamwona" ni neno moja, ambalo kwa Kiingereza ni manne. Ndiyo sababu ukurasa wako ukitafsiriwa idadi ya maneno itapanda, na kikomo cha maneno 500 kwenye fomu ya Kiingereza utakigonga mapema kuliko unavyotarajia. Acha nafasi.

Usipunguze herufi hadi 9 ili aya ya ziada iingie. Isipoingia, iondoe.

Niandike kwa Kiswahili kwanza au moja kwa moja kwa Kiingereza?

Wafadhili wengi wa nje wanataka Kiingereza, lakini ninashauri kwa moyo wote uandike kwanza kwa lugha wanayoongea wahusika wako. Ukianza na Kiingereza utaandika unachojua kukisema kwa Kiingereza, ambacho mara nyingi ni kile ulichokisoma kwenye ripoti. Neno "bamvua" lilinipa muundo wa filamu nzima ya mfano. Nikiwaza kwa Kiingereza ningeandika "miezi sita", na miezi sita haina mapigo. Bamvua 12 inayo: maji yanakuja na kuondoka kwa ratiba yao, na kila safari ya kamera ina siku nne au tano za kufanya kazi, basi.

Kwenye tafsiri, maneno kama hayo yaache yalivyo na uyaeleze ndani ya sentensi mara moja. Kisha mpe mtu anayesoma Kiingereza kila siku aupitie, siyo kwa ajili ya sarufi tu, bali akuonyeshe alipopotea.

Ridhaa ya wahusika: niwe nayo kabla ya kutuma?

Ya mhusika mkuu, ndiyo. Wafadhili hupima jambo hili kuliko wazo lenyewe, kwa sababu wazo la mwani mtu yeyote anaweza kuwa nalo, ila mlango wa nyumba ile umefunguliwa kwako. Andika hali ilivyo bila kupaka rangi: nani ameridhia kwa maandishi, nani kwa mdomo, nani bado. "Mwalimu kwa mdomo" haikuharibu kitu pale juu. Imefanya "kwa maandishi" iaminike.

Kuna swali moja la ridhaa ambalo watu hulisahau: je, mhusika anajua nini kimeandikwa juu yake kwenye ukurasa huu? Utasomwa na watu asiowajua, pengine katika nchi tatu. Kabla ya kutuma, kaa naye umsomee kwa sauti, neno kwa neno. Nimefanya hivyo mara nyingi na karibu kila mara kuna kitu kinarekebishwa, kama umri, idadi ya watoto, au sababu ya kuacha shule. Wakati mwingine anasema "hilo usiliandike", basi haliandikwi. Mara nyingine anaongeza jambo ambalo ulikuwa hujathubutu kumuuliza.

Ridhaa ya mtu haiondoi vibali. Zanzibar sheha wa shehia aonwe mapema, na kibali cha kupiga picha kinafuatwa kwa baraza linalosimamia sanaa na filamu. Tanzania Bara ni Bodi ya Filamu. Haya hayaingii kwenye ukurasa. Yanaingia kwenye ratiba na bajeti, na ukiulizwa uwe na jibu.

Mtindo wa filamu nauelezaje bila kujisifu?

Eleza maamuzi, siyo sifa. "Picha za kuvutia", "mtazamo wa kipekee" na "sinema yenye mguso" hazisemi chochote, kwani hakuna aliyewahi kuahidi picha za kuchosha. "Kamera iko kwenye kimo cha kidevu chake" ni uamuzi. Una gharama (kasha la kuzuia maji, mpiga picha anayeogelea), una sababu, na una kitu unachokikataa: droni. Kwenye pwani yetu kila mtu anataka kurusha droni juu ya mashamba ya mwani kwa kuwa mistari yake ni mizuri ukiwa angani. Lakini mhusika wetu hajawahi kuliona shamba lake kutoka juu. Ukiandika unachokataa na kwa nini, msomaji anaelewa haraka kuliko ukiorodhesha vifaa.

Sentensi tatu zinatosha. Moja ya picha, moja ya sauti, moja ya kile kisichokuwemo.

Niweke bajeti kwenye ukurasa?

Jumla tu, au kama hapo juu, kile fedha zitakachonunua. "Bamvua 2, siku 10, tiza ya dakika 5" inaonyesha kwamba unajua hatua unayoiombea. Kuomba fedha za filamu nzima kwenye mwito wa hatua za utafiti ni sababu ya kukataliwa ambayo haina uhusiano wowote na ubora wa wazo lako, kwa hiyo soma mwito wa mwaka huu, siyo wa mwaka jana.

Wazo langu likiibiwa je?

Naelewa hofu hii, nami nimewahi kukesha kwa ajili yake. Ila kadiri ukurasa unavyokuwa mahususi ndivyo unavyokuwa mgumu kuibika. "Filamu kuhusu mwani" inaibika kwa sababu si ya mtu. Saa 9 ulizorekodi, mama yako wa Makunduchi na saini ya mhusika haviibiki. Hifadhi nakala yenye tarehe, tuma kwa barua pepe na siyo kwa mkono tu, na usisambaze ukurasa kwenye makundi ya WhatsApp.

Nitajuaje kwamba umeiva?

Mpe mtu asiyejua chochote kuhusu mradi. Mwache asome mara moja, mchukulie karatasi, mpe chai. Baada ya robo saa muulize: filamu inahusu nini? Akisema "inahusu mwani", rudi mezani. Akisema "inahusu mama anayeogopa maji", umefika. Halafu muulize unadhani itaishaje. Jibu zuri ni kwamba hajui, lakini ana mawili anayoyasubiri.

Jaribio la pili nalifanya peke yangu. Nafuta jina la mahali na jina la kazi, naweka mengine: mkulima wa pareto wa Molo, mvuvi wa dagaa wa Kigoma. Ukurasa ukiendelea kusomeka bila kuchanika, maana yake hakuna kitu cha Jambiani ndani yake. Kwenye mfano wetu unachanika pale pale asubuhi, kwenye maji yaliyokupwa.

Mfadhili amekubali, lakini mhusika amebadilika. Ukurasa unanifunga?

Haukufungi kwenye matokeo, ila unakufunga kwenye mtu na swali. Tuseme kwenye bamvua la tatu mhusika wetu anaacha masomo ya kuogelea. Usimbembeleze aendelee kwa ajili ya kamera. Mwandikie mfadhili mapema, kwa aya moja: nini kimetokea, umerekodi nini, swali la filamu sasa linaulizwaje. Kwa kuwa uliandika "huenda akarudi kwenye vigingi vyake", hujavunja ahadi yoyote. Mkutano wa mwisho wa msimu bado upo, wenzake wataulizwa mmoja mmoja, naye atakuwa amekaa pale. Endelea kwenda kila bamvua, ukiwa na kamera au bila kamera, kwa sababu kamba zake bado zinafungwa na binti yake bado anasubiri matokeo.